Tundu la kutokea: kumtambua fukusi na nondo wa nafaka kwa picha

Tundu unaloliona kwenye punje iliyobunguliwa na fukusi au nondo ni tundu la kutokea. Mdudu hakuingilia pale. Aliingia akiwa yai au buu dogo mno, kwa njia ambayo macho hayaioni, akala ndani kwa wiki kadhaa, akageuka mdudu mzima, ndipo akatoboa ganda ili atoke. Kila mdudu hutoka kwa namna yake, na ndiyo maana picha nzuri ya tundu inaweza kukuambia ni nani aliyekuwa ndani, hata kama mwenyewe ameshaondoka zamani.

Kabla ya kulitazama tundu, tazama ni zao gani. Nondo wa nafaka, yule mdogo mwenye rangi ya majani makavu anayeruka ukifungua stoo, huzaliana ndani ya mahindi, mtama, ngano na mpunga. Hazaliani ndani ya maharagwe. Fukusi wa mahindi naye hana makazi ndani ya maharagwe. Maharagwe yana fukusi wake, ambaye hafanani sana na yule wa mahindi: ni mfupi, mnene, rangi ya kijivu inayoelekea kahawia, wala hana ule mdomo mrefu uliochongoka mbele ya kichwa. Kwa hiyo mtu akikutumia picha ya maharagwe yenye matundu akasema nondo wameyaharibu, jibu unalo kabla hujakuza picha. Nondo aliowaona wametoka kwenye mahindi yaliyo jirani.

Kwenye mahindi ndiko kazi ilipo, maana fukusi na nondo hukaa humo pamoja.

Fukusi jike hutoboa kishimo kwenye punje, huweka yai, kisha hukiziba kwa ute unaokauka na kufanana na ganda. Kishimo hicho usikitafute kwenye picha ya simu, hutakiona. Buu hukua ndani, na katika joto la kawaida la stoo za Uganda, mahali ambapo si milimani sana, huchukua kama wiki 5 kuwa mdudu mzima. Mdudu huyo ana meno kwenye ncha ya mdomo wake na hutafuna kidogo kidogo mpaka apate upenyo. Tundu lake linakuwa na kingo zilizochanika, mara lina pembe, mara limerefuka upande mmoja, na upana wake ni kama milimita 1 na nusu. Tena akishatoka haachi kula. Anaishi miezi kadhaa, anarudi kwenye punje ileile au ya jirani, anakwangua ganda na kupanua tundu. Ndiyo maana punje za fukusi kwenye picha huonekana chafu, zina vumbi la unga na mikwaruzo isiyofika ndani.

Nondo hufanya kinyume kabisa, na sababu yake ni rahisi kuikumbuka: nondo mzima hana meno ya kutafunia. Angesubiri mpaka awe na mbawa, angefia ndani. Kwa hiyo kazi ya kufungua njia hufanywa na buu kabla halijawa pupa. Linachimba mpaka chini ya ganda, linakata duara karibu lote, kisha linaacha ngozi nyembamba ya ganda ikiwa imeshikilia. Kutoka nje unaona doa la mviringo lenye rangi tofauti kidogo, kama dirisha lililofungwa. Siku ya kutoka, nondo anasukuma kwa kichwa, kifuniko kinafunguka, anaondoka, wala hali chakula tena mpaka afe. Anaacha tundu la duara safi, kingo laini, na mara nyingi kifuniko chenyewe bado kinaning'inia upande mmoja. Ukiona hata punje tatu au nne zenye kifuniko cha namna hiyo kwenye picha ya mahindi, nondo wamo. Fukusi hawezi kukuachia alama hiyo.

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa sababu fukusi wa maharagwe naye hufanya hivyohivyo. Buu lake hutayarisha duara chini ya ganda, kisha mdudu mzima hulisukuma. Ukitazama harage lililoshambuliwa utaona madoa ya duara yenye kivuli ambayo bado hayajafunguka, na kando yake matundu safi ya kama milimita 2. Anayejua sura ya tundu peke yake atasema, “duara safi, basi ni nondo.” Anayejua pia kwamba zao huamua hatakosea. Duara safi kwenye mahindi ni dalili ya nondo. Duara safi kwenye harage ni fukusi wa maharagwe.

Kwenye maharagwe kuna jambo moja zaidi ambalo picha inaweza kulitoa: fukusi wa maharagwe wako wa aina mbili kuu, na mayai huwatofautisha. Kuza picha uangalie ngozi ya harage, hasa la rangi nyekundu au nyeusi. Ukiona vidoa vyeupe vidogo vilivyogandishwa kwenye ganda, hayo ni mayai, na huyo ni yule fukusi wa maharagwe anayependa sehemu zenye joto. Kama matundu yapo lakini ngozi ni safi, haina yai lolote, mara nyingi ni yule mwingine, anayedondosha mayai bila kuyagandisha na ambaye huanzia shambani kwenye maganda yaliyokauka. Buu la huyu wa pili likianguliwa linahitaji muda mrefu kutoboa harage, huku limejibana katikati ya harage na harage. Ukiyageuzageuza maharagwe asubuhi na jioni, kwenye debe au gunia lisilojaa, unalivunjia kazi kila mara mpaka linakufa. Kwa anayegandisha mayai usitegemee njia hiyo, maana buu lake hutoboa moja kwa moja likiwa limeegemea ganda la yai. Vidoa vile vyeupe ndivyo vinavyokuambia kama inafaa kujisumbua.

Picha yenyewe ipigweje? Tandaza punje 20 au 30 juu ya karatasi isiyong'aa, ya rangi moja. Keti karibu na mlango au dirisha, mwanga uingie kutoka ubavuni, usiwashe tochi ya simu: mwanga wa mbele hufuta kivuli, na bila kivuli kifuniko cha nondo hakionekani. Weka rula ya mtoto wa shule kando ya punje ili milimita zionekane. Futa lenzi. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama Document, kwa sababu ikipita njia ya kawaida ya picha inabanwa, na kinachopotea kwanza ni zile kingo za tundu tunazozitafuta. Baada ya hapo pasua punje mbili tatu kwa wembe upige picha ya ndani. Buu la fukusi ni jeupe, nene, limejikunja na halina miguu kabisa. Buu la nondo lina miguu midogo karibu na kichwa, na chumba chake mara nyingi kimetandikwa uzi mwembamba.

Chukua mfano wa mfanyabiashara mmoja wa Bweyale aliyekuwa na magunia ya mahindi na maharagwe katika chumba kimoja. Aliona nondo wengi wakiruka jioni, akapiga picha ya gunia la mahindi lililofunguliwa na picha ya kiganja cha maharagwe, akaomba aambiwe dawa ya nondo kwa vyote viwili. Picha ya mahindi ilikuwa na matundu ya duara, vifuniko vikionekana wazi kwenye punje kadhaa. Hapo hakukosea. Maharagwe yalikuwa na matundu ya duara pia, pamoja na madoa yasiyofunguka, ngozi haina mayai. Hao hawakuwa nondo.

Lakini picha ya mahindi ilikuwa ya punje za juu tu, na hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko lolote. Nondo ni dhaifu, hawezi kupenya katikati ya punje zilizoshindiliwa, kwa hiyo uharibifu wake ndani ya gunia hukaa karibu na juu na pembeni. Fukusi hupenya mpaka chini. Mtu akipiga picha ya juu tu, atamwona nondo na kumkosa fukusi aliye ndani. Aliombwa achome gunia kwa bambo, mara moja karibu na juu, mara moja katikati, mara moja chini, na kila fungu alipige picha peke yake. Fungu la juu lilikuwa la nondo. La katikati na la chini lilikuwa na matundu yaliyochanika, vumbi la unga, na fukusi wawili wenye madoa manne ya rangi ya chungwa mgongoni. Wote wawili walikuwamo, na aliyekuwa akila zaidi ndiye ambaye hakuwa amemwona.

Picha ina mipaka yake. Punje iliyokaa miezi mingi husomeka vibaya, kwa sababu fukusi huenda akatafuna kingo za tundu alilolifungua nondo, na duara likageuka tundu lililochanika. Kwenye mahindi ya namna hiyo tafuta punje zenye kifuniko kizima, hizo ndizo ushahidi, nyingine uziache. Matundu ya duara kwenye mahindi yakiambatana na unga mwingi sana, unaojaa chini ya gunia, mfikirie dumuzi, ambaye huchimba mifereji kupita punje hadi kwenye gunzi. Na punje zikishikamana kwa nyuzi kama utando, huyo ni nondo wa aina nyingine, ambaye buu lake hula kutoka nje, hasa kiini, na haliachi tundu la kutokea.

Tena, punje isiyo na tundu si lazima iwe salama. Picha iliyopigwa wiki 3 baada ya kuvuna inaweza kuonyesha mahindi safi kabisa huku mabuu yamo ndani yanakula. Nondo hasa hutaga tangu mahindi yakiwa shambani, yakichelewa kwenye bua au yakikaa na magunzi kwenye kihenge, ambako hewa na nafasi vinamruhusu kufika kila gunzi.

Yule wa Bweyale alichekecha mahindi, akayaanika kwenye turubai mpaka unyevu ukashuka chini ya asilimia 13.5, akayafunga kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ambamo wadudu wenyewe humaliza oksijeni na kufa, fukusi na nondo pamoja. Maharagwe aliyachagua, yenye madoa akayaweka kando ya kupikwa mapema, mengine akayafunga vilevile. Hakulazimika kuyahamishia chumba kingine, kwa kuwa wadudu wa mahindi yake hawakuwa na la kufanya ndani ya maharagwe.