Simu inayojiandika yenyewe: dhana potofu na ukweli

Dhana: simu ikijiandika, imeingia virusi.

Wengi huanza hapo, wakafuta programu moja baada ya nyingine bila nafuu. Mara nyingi kosa liko kwenye kioo. Ndani yake kuna wavu wa nyaya nyembamba zisizoonekana. Kidole kikigusa, umeme kidogo uliopo kwenye wavu hubadilika, na chipu ya mguso hupima badiliko hilo. Chipu haijui kidole ni nini. Inajua kipimo tu. Tone la maji, ufa mdogo, au betri iliyovimba na kuisukuma skrini kutoka ndani vinaweza kusomeka kama mguso.

Chukua simu inayoandika "p" na "l" yenyewe, kisha inafuta ilichoandika. Itazame kibodi: herufi hizo mbili na kitufe cha kufuta vyote viko ukingo wa kulia. Ruhusu skrini izunguke, kisha ilaze simu ubavu ili ukingo ule wa kulia uwe chini. Kama sasa "p" na "l" zimetulia, na kinachojibonyeza ni safu ya chini yenye kitufe cha nafasi, basi picha imezunguka lakini kosa limebaki palepale kwenye kioo. Hilo ni tatizo la kifaa. Kama "p" na "l" zinaendelea kujiandika hata baada ya kuhamia sehemu nyingine ya kioo, shuku programu ya kibodi kwanza. Kipimo hiki hakihitaji chombo chochote, na mimi ningekifanya kabla ya kumpelekea fundi.

Dhana: skrini isiyoitikia mguso imekufa.

Si lazima. Inawezekana mguso umefika kwenye mfumo, ila programu iliyo mbele yako imeganda, au programu nyingine imetandaza juu yake tabaka lisiloonekana linalomeza miguso. Simu nyingi za Android zina njia ya kuliona hili. Fungua Settings, kisha About phone, ubonyeze Build number mara 7. Ukurasa wa Developer options utaongezwa ndani ya Settings. Ufungue, uwashe Pointer location. Kuanzia hapo kila mguso huchora mstari kwenye skrini.

Pitisha kidole polepole kwenye kioo chote, kwenda na kurudi, bila kuinua. Mstari ukikatika mahali palepale kila mara, sehemu hiyo ya kioo haisomi. Mstari ukiwa mzima kila mahali huku vitufe vya programu vimekaa kimya, kioo kinafanya kazi. Washa simu katika Safe mode, ambako programu ulizoweka mwenyewe hazifanyi kazi. Mguso ukirudi kuwa sawa, mkosaji ni mojawapo ya programu hizo. Halafu iweke simu mezani bila kuigusa. Mistari ikijichora kwenye ukanda uleule, rudi kwenye kioo.

Dhana: ukizima na kuwasha ikapona, tatizo lilikuwa programu.

Hii huwapoteza hata watu wazoefu. Simu inapowaka, chipu ya mguso nayo huanza upya na kupima tena kioo kikiwa hakijaguswa. Kwa hiyo hata kioo kibovu au kiunganishi kilicholegea kinaweza kutulia kwa muda, kisha kikaanza tena simu ikipata joto. Nafuu ya muda mfupi haithibitishi lolote.

Dhana: ikishindikana kabisa, irudishe simu katika hali ya kiwandani.

Hapa ndipo watu hupata hasara ya kweli. Kufuta kila kitu hakuunganishi waya uliokatika. Na baada ya kufuta, simu huenda ikadai nenosiri la akaunti yako, nawe una kibodi inayojibonyeza. Ondoa kwanza vilivyo rahisi: kava, protekta, unyevu. Chomoa chaja pia. Kama simu hutulia kila ukichomoa, jaribu chaja na waya vingine. Chaja isiyochuja umeme vizuri huvuruga vipimo vya chipu, na hapo kioo na programu vyote ni vizima. Itazame simu kwa ubavu vilevile. Skrini ikiwa imeinuka kutoka kwenye fremu, usiikandamize irudi: acha kuichaji na kuitumia, maana betri huenda imevimba.

Kama kosa ni la kioo na mafaili bado yamo ndani, chomeka mausi ya kompyuta kwa adapta ya OTG, yaani kiunganishi cha kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu, ikiwa simu yako inaikubali. Mshale utatokea, na utaweza kufungua simu na kunakili picha na majina kabla kioo hakijabadilishwa. Mausi ikibonyeza kila kitu sawasawa pale kidole kinaposhindwa, mweleze fundi hivyo hivyo, asianze kwa kuweka upya mfumo.