Dodoso peke yake halikufanyi mpozitivisti

"Nikitumia dodoso mimi ni mpozitivisti, nikihoji watu ni mfasiri, si ndiyo?"

Hapana. Hayo ni majina ya misimamo ya utafiti, si ya vifaa, na mfasiri hapa si wa lugha, bali mtafiti anayetafuta maana ambayo watu wenyewe wanaipa hali yao. Chukua akina mama wa dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza: kwa nini mtu aanike mchangani wakati kichanja kipo? Mpozitivisti anaamini sababu ipo, inapimika, na haitegemei nani anapima. Anaweza kabisa kuhoji wanawake 30, ila kwa maswali yaleyale na mpangilio uleule. Kisha watu wawili wanaainisha majibu, kila mmoja kivyake. Wakitofautiana, kwake hilo ni kosa la kipimo.

Mfasiri anaanzia kwingine: kwa huyu anayeanika, "dagaa safi" maana yake nini? Atakaa naye juani, na swali la kesho litazaliwa na jibu la leo. Mama akisema mchanga si uchafu, haandiki "hana elimu". Anauliza, basi uchafu ni upi? Vichanja naye anaweza kuvihesabu, ila hesabu hiyo haitamjibu.

Sura ya tatu nyingi za tasnifu, zile za mbinu za utafiti, hukwama hapa: mwanafunzi anaandika "mfasiri", halafu anaripoti asilimia za watu 12.