Dereva aliyeruhusiwa: ukimpa shemeji ufunguo, bima inabaki au inaondoka?

Kwenye hati ya bima ya gari kuna vifungu viwili vinavyoamua kila kitu siku gari ikiwa mikononi mwa mtu mwengine. Kimoja kinasema nani anaruhusiwa kuendesha, cha pili kinasema gari itumike kwa kazi gani. Wengi wetu tunakata bima na hati inaingia kwenye mtoto wa meza, mpaka siku ya ajali.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba bima hii imekatiwa gari. Shemeji yako anaweza kuwa na gari yake yenye bima kubwa, lakini akiigonga yako, bima yake haitaitengeneza gari yako. Kinachotazamwa ni hati yako wewe.

Hati nyingi za gari binafsi hazimtaji dereva kwa jina. Zinasema dereva ni mwenye bima, au mtu yeyote anayeendesha kwa amri yake au kwa ruhusa yake, madhali mtu huyo anaruhusiwa na sheria kuendesha gari ya aina hiyo na hajafungiwa leseni na mahakama. Kwa hiyo ruhusa ni mbili, yako na ya sheria, na zote zinatakiwa ziwepo kwa wakati mmoja. Ukimpa ufunguo mtoto wa kaka yako ambaye anajua kuendesha vizuri lakini hana leseni, ruhusa yako haimsaidii kitu. Vivyo hivyo aliyezoea pikipiki tu na leseni yake ni ya pikipiki. Na jamaa aliyekuja likizo kutoka nje asitegemee leseni ya kule peke yake, ahakikishe kwanza ana kibali kinachomruhusu kuendesha hapa. Ziko pia hati zilizoandikwa majina ya madereva, mara nyingi kwa sababu ada yake ni nafuu. Kama yako ni ya aina hiyo, asiyetajwa hayumo, hata akiwa na leseni ya miaka ishirini.

Tuchukue mfano. Salum wa Chake Chake ana Toyota IST yenye bima kubwa. Ijumaa shemeji yake Hamad anamwomba gari ampeleke mkewe harusini Wete. Hamad ana leseni hai ya kuendesha gari ndogo, na Salum anampa ufunguo kwa kinywa chake. Njiani, kwenye kona, Hamad anaigonga bodaboda. IST imevunjika taa, bampa na redieta. Pikipiki imepinda, na dereva wake amevunjika mguu.

Hapa Hamad ni dereva aliyeruhusiwa, kwa hiyo bima inafanya kazi kana kwamba aliyekuwa kwenye usukani ni Salum mwenyewe. Tuseme fundi amekadiria matengenezo ya IST kuwa shilingi 2,400,000, na hati inasema mwenye gari achangie asilimia 10 ya gharama, isipungue 300,000. Huo ndio mchango ambao watu wa bima wanauita eksesi. Asilimia 10 hapa ni 240,000, haifiki kima cha chini, basi Salum anatoa 300,000 na bima inalipa 2,100,000. Kama Hamad angekuwa kijana, au leseni yake ina miezi michache tu, hati nyingi zinaongeza eksesi nyengine juu ya ile ya kawaida. Umri unaotajwa unatofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo usome kwenye hati yako.

Pikipiki na mguu wa dereva wa bodaboda vinaingia upande wa mtu wa tatu, yaani mtu wa nje aliyeumizwa au kuharibiwa mali na gari hiyo. Mguu wa Hamad mwenyewe, kama na yeye angeumia, hauingii huko, kwa sababu aliyekuwa anaendesha hahesabiwi kuwa mtu wa tatu. Ukuta wa nyumba ya Salum haungeingia pia, kwa kuwa mali ya mwenye bima haiwi mali ya mtu wa tatu hata ikigongwa na shemeji.

Na kama Salum alikuwa na bima ndogo tu, ya mtu wa tatu? Wa bodaboda anabaki na haki yake, lakini ile 2,400,000 ya IST hailipwi na bima hata senti moja. Hiyo wataelewana wenyewe barazani, Salum na Hamad. Kwa maoni yangu, mwenye bima ndogo anayetaka kuazimisha gari ayazungumze haya kabla ya kutoa ufunguo, kwa sababu baada ya ajali kila mtu anakumbuka maneno yake tu.

Sasa tubadilishe kidogo. Hamad akifika Wete anachoka, anampa ufunguo binamu yake arudi na gari. Salum hamjui binamu huyo. Ruhusa aliyopewa Hamad haimpi uwezo wa kuruhusu mwengine, na kampuni ina sababu ya kuuliza binamu aliendesha kwa idhini ya nani. Simu moja kwa Salum kabla ya binamu kukaa kwenye usukani ingelimaliza suala hilo. Au Hamad njiani anapakia abiria watatu, kila mmoja anamlipa nauli. Leseni yake ni nzuri na ruhusa anayo, ila gari binafsi imegeuka ya kukodisha, na kile kifungu cha matumizi kinakataa hivyo. Kwa gari yenyewe Salum anaweza kukosa malipo kabisa. Kwa majeruhi, sheria ya bima ya lazima inamlinda katika baadhi ya hali ambazo mwenye gari amevunja masharti; lakini kampuni ikishamlipa, hati inaipa haki ya kumgeukia Salum airejeshe fedha hiyo. Watu wengi hudhani bima ikilipa basi yamekwisha.

Ajali ikitokea, Hamad asiihamishe gari mpaka polisi wa usalama barabarani wapime, isipokuwa kama majeruhi yuko hatarini. Salum aarifu kampuni mapema, siku ile ile ikiwezekana. Fomu ya madai anaijaza Salum kwa sababu bima ni yake, lakini maelezo ya jinsi ilivyotokea yatoke kwa Hamad aliyekuwepo, pamoja na kopi ya leseni yake na ripoti ya polisi. Kuandika kwamba Salum ndiye aliyeendesha, eti kumsitiri shemeji, ni uongo utakaoanguka mara tu ripoti ya polisi ikifunguliwa, na dai zima linaweza kukataliwa hata pale ambapo Hamad alikuwa halali kabisa. Gari isiguswe na fundi mpaka mkaguzi wa kampuni aione.

La mwisho ni lile la kusuluhishana papo hapo. Kwetu ni kawaida Hamad amwambie wa bodaboda, "Kosa langu ndugu yangu, nitakulipa laki tano." Msaada wa hospitali atoe, hakuna anayemzuia. Lakini hati inakataza mwenye bima au dereva wake kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Ahadi hiyo kampuni inaweza kukataa kuibeba, ikabaki deni la Hamad.

Eksesi ya 300,000 nayo inadaiwa kwa Salum. Kampuni haina habari na makubaliano yake na shemeji, na punguzo la ada alilolipata kwa miaka bila dai linapotea kwenye jina lake yeye.