Mtoto mwenye Down syndrome hapimiki macho?

“Mwanangu ana Down, hajui herufi wala haongei vizuri. Atapimwaje macho? Si ni akili tu?”

Anapimika, mama, hata kama hasemi neno. Mpimaji humulika jicho kwa kurunzi maalumu, huku akishika lenzi mbele yake na kutazama mwanga unavyorudi. Mtoto akae tu mapajani mwako. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna idara ya macho.

Watoto hawa hupata sana makengeza, kutoona vizuri mbali au karibu, na wengine huzaliwa na mtoto wa jicho. Lakini linalosahaulika zaidi ni hili: wengi wao jicho hushindwa kujikaza kuona vitu vya karibu, hata wakiwa wadogo. Chukua mtoto wa miaka 7 anayemtambua bibi yake kutoka getini, ila ukimpa daftari anaangalia pembeni au anainuka. Mwalimu anasema mvivu. Kumbe mistari ya daftari ni ukungu mtupu. Anahitaji miwani ya sehemu mbili, ya juu ya kuona mbali na ya chini ya kuona karibu, na mstari wa lenzi ya chini upite katikati ya mboni. Ukiwa chini kama wa wazee, atachungulia kwa juu na miwani haitamsaidia.

Apimwe anapozaliwa, tena kabla ya miezi 6, kisha kila mwaka hadi miaka 5, halafu angalau kila miaka miwili. Mboni ikionekana nyeupe, usingoje zamu, mpeleke mara moja.