Mstari uleule, maana nyingine: dhana potofu kuhusu vilaneli

Dhana: Mistari inayorudiwa katika shairi la aina ya vilaneli ni kibwagizo kama kile cha shairi tulilozoea.

Ulinganisho huu unavutia, lakini unapotosha. Kibwagizo tulichozoea hufunga kila ubeti kwa wazo lilelile. Vilaneli ina mishororo 19, yaani beti tano za mishororo mitatu na ubeti wa mwisho wa mishororo minne, na inabeba mistari miwili ya kurudiwa inayopokezana. Wa kwanza hutokea katika mshororo wa 1, 6, 12 na 18. Wa pili katika wa 3, 9, 15 na 19. Nafasi nane kati ya 19 zimekwisha jazwa kabla mtunzi hajafika ubeti wa pili, na ikiwa kila marejeo yanasema jambo moja, karibu nusu ya shairi imekufa. Kwa hiyo mstari hapa haurudi kupumzika. Unarudi kufanyiwa kazi na mishororo miwili inayoutangulia.

Dhana: Maneno yasipobadilika, maana nayo haibadiliki.

Hili ndilo kosa kubwa, na njia nzuri ya kulionyesha ni kuufuata mstari mmoja. Nimetunga ubeti huu wa kwanza kwa ajili ya mfano:

*Taa isizimwe mpaka arudi,*
*hata pepo zivumapo mlangoni,*
*na bahari haikumbuki ahadi.*

Hapa mshororo wa kwanza ni agizo. Hatumjui anayesema wala anayengojewa, ila tunasikia kwamba kuna mtu anayeamrisha na kwamba anatarajia kutiiwa. Katika ubeti wa pili mstari huo unafika mwishoni:

*Alisema mara moja, hakuzidi,*
*kisha mama akaketi dirishani,*
*taa isizimwe mpaka arudi.*

Hakuna herufi iliyoguswa, lakini agizo limetoweka. Kitenzi "isizimwe" sasa kinategemea "akaketi", nacho kinaeleza kusudi: mama aliketi ili taa isizimwe. Sauti ya amri imegeuka kuwa masimulizi ya mtu aliyekuwa akimtazama. Kiswahili kinaruhusu jambo hili kwa sababu umbo hilo la kitenzi linaweza kusimama peke yake kama amri, au kuegemea kitenzi kingine kama kusudi. Mtunzi anayeitafuta vilaneli katika lugha hii angefanya vyema kuanza na maumbo ya namna hiyo, badala ya kuanza na kauli nzito iliyokamilika kama methali, ambayo haiegemei popote.

Sasa turuke hadi ubeti wa mwisho, ambamo mistari yote miwili inakutana kwa mara ya kwanza bila kitu katikati:

*Leo mama katutoka, hana budi,*
*kitanda chake kitupu kule ndani;*
*taa isizimwe mpaka arudi,*
*na bahari haikumbuki ahadi.*

Agizo limerejea, ila mwenye kuagiza hayupo tena. Watoto wake ndio wanaolitamka. Nani arudi? Kiambishi "a-" hakitaji kama ni mume au mke, hivyo anayengojewa anaweza kuwa yule aliyechukuliwa na bahari au mama mwenyewe. Hata "na" imebadilika: mwanzoni iliongeza habari tu baada ya upepo, lakini sasa inauweka ukweli wa bahari ubavuni mwa tumaini la taa, na msomaji anaisikia karibu kama "ilhali".

Kuna namna rahisi ya kupima rasimu. Ziba mishororo miwili iliyo juu ya kila marejeo na uusome mstari peke yake, kisha uifunue na usome tena. Ikiwa hakuna kilichobadilika, kosa kwa kawaida liko katika mishororo hiyo miwili, hasa pale inapoishia kwa nukta na kuuacha mstari unaorudi ukining'inia kama pambo.

Dhana: Ni umbo la kale lenye sheria ngumu, hivyo kugusa neno ni kuvunja sheria.

Awali vilaneli lilikuwa jina la wimbo wa mashambani usio na umbo maalumu. Shairi la Mfaransa Jean Passerat kuhusu njiwa aliyepotea, lililochapishwa mwaka 1606, ndilo lililochukuliwa baadaye kuwa kielelezo, na ni katika karne ya 19 tu ndipo umbo hilo lilipokazwa kuwa kanuni. Mshairi Dylan Thomas, katika vilaneli yake ya mwaka 1951 kwa baba yake, aliyaacha maneno ya mistari yake kama yalivyo na kugeuza amri kuwa maelezo na kisha kuirudisha kuwa amri. Mshairi Elizabeth Bishop, katika vilaneli yake ya mwaka 1976, alifanya kinyume: mstari wake wa pili wa kurudiwa hubadilika kila unaporudi, na neno la mwisho pekee ndilo linalobaki. Binafsi naona njia ya Thomas ni ngumu zaidi, ingawa mabadiliko ya Bishop yana maumivu yake, kwa kuwa tunamsikia msemaji akishindwa kuirudia kauli yake kwa uthabiti uleule.