Umri kwenye chupa na uzito kwenye mizani

“Mtoto ana miaka 3, na chupa imeandikwa dozi ya miaka 3. Uzito wa nini tena?”

Rika lililoandikwa kwenye chupa ni uzito uliokisiwa, kwa kuwa si kila nyumba ina mizani. Tuchukue parasetamoli ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Kwa uzito, dozi moja ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Lebo nyingine humpa mtoto wa miaka 3 mililita 7.5, yaani miligramu 180. Mwenye kilo 15 anapata 12 kwa kilo, sawasawa kabisa. Mwenzake wa umri uleule aliyekonda, kilo 10, anapata 18. Dozi moja tu haitamdhuru, lakini akipewa mara nne kwa siku, siku kadhaa mfululizo, ini lake ndilo hulemewa. Huyu mililita 6 zinamtosha.

Umri nao haupuuzwi. Figo na ini la mtoto mchanga hutoa dawa polepole, kwa hiyo hesabu ya kilo peke yake haimfai. Dozi yake apange daktari.