Moyo haupigi kwa zamu

Jana tena. Kijana anayesomea uuguzi alikaa pembeni yangu nikimpima mgonjwa moyo kwa altrasaundi, akaninong'oneza: "Sasa hivi umebana upande wa kulia, sivyo? Halafu damu ikitoka mapafuni ndiyo ubane wa kushoto." Nimeshalisikia hilo kwa wanafunzi, kwa wagonjwa, na mara moja kwa mtu aliyekuwa akifundisha wengine. Sivyo. Vyumba viwili vya chini vya moyo, ventrikali ya kulia na ya kushoto, hubana kwa wakati mmoja, kila mpigo, tangu tumboni mwa mama.

Najua kosa linakotoka. Linatoka kwenye mchoro wenye mishale na namba: 1 damu yaingia chumba cha juu, atiria ya kulia, 2 yashuka ventrikali ya kulia, 3 yaenda mapafuni, 4 yarudi atiria ya kushoto, 5 yatoka kwa aorta. Mchoro huo hauna uongo kama unafuata safari ya tone moja la damu. Uongo unaanza pale msomaji anapozichukua namba kuwa ratiba ya moyo, kana kwamba moyo wote unalingojea tone hilo limalize hatua moja ndipo uanze nyingine. Moyo haungoji. Wakati tone letu linasukumwa kwenda mapafuni, tone jingine lililotangulia linasukumwa kwenye aorta kwa mbano uleule.

Nilimgeuzia kijana skrini. Vyumba vinne vinaonekana pamoja: atiria mbili zinajibana, kitambo kidogo baadaye ventrikali mbili zinajibana, vali za kati zinafunga. Mlio wa kwanza unaousikia kifuani ni wa vali mbili zinazotenganisha atiria na ventrikali, kulia na kushoto, zikifunga karibu sawia. Mlio wa pili ni wa vali ya aorta na vali ya ateri ya mapafu. Kama upande mmoja ungengoja mwenzake, tungesikia milio minne iliyoachana. Nisiseme kupita kiasi, lakini: mgonjwa akivuta pumzi ndefu, mlio wa pili hugawanyika kidogo, kwa sababu damu nyingi zaidi huvutwa upande wa kulia na ventrikali hiyo hukawia kumaliza kazi. Ni tofauti ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Hiyo si zamu.

Safari yenyewe ya tone nitaipitia haraka. Ventrikali ya mtu mzima aliyetulia hujaa takriban mililita 120 na kutoa kama 70, kwa hiyo tone linaweza kubaki chumbani likangoja mpigo unaofuata. Kutoka kulia linapita mapafuni kwa sekunde chache, linarudi kushoto, linatoka kwa aorta, linaingia kwenye kapilari za kiungo fulani, kisha linarudi taratibu kwa vena. Mililita 70 mara mipigo 70 ni karibu lita 5 kwa dakika, na damu yote mwilini ni kama lita 5. Ndiyo maana vitabu husema mzunguko mmoja ni dakika moja. Mimi huisema namba hiyo kwa shingo upande. Tone lililoingia kwenye ateri za moyo wenyewe hurudi mapema mno, na lililokwenda unyayoni huchelewa. Dakika moja ni wastani, na sidhani kama ni haki kumpa mwanafunzi wastani bila kumwambia hivyo.

Sasa tufike kwenye jambo linalonifanya nisiuache ubishi huu. Pande hizi mbili zimefuatana kwenye njia moja ya duara: kinachotoka kulia hakina pa kwenda ila kushoto, na kinachotoka kushoto hurudi kulia. Basi ni lazima zitoe kiasi kilekile cha damu, ingawa nguvu zao hazilingani hata kidogo. Ya kushoto inasukuma kwa presha ya kama 120, ya kulia kwa kama 25, kwa sababu mapafu yako jirani na mishipa yake ni laini. Ukuta wa kushoto ni mnene kwelikweli, wa kulia mwembamba. Kiasi, hata hivyo, ni kilekile.

Fanya hesabu uone kingetokea nini wasipolingana. Sema ventrikali ya kulia inatoa mililita 70 na ya kushoto, kwa kuwa imedhoofika, inatoa 69. Mililita moja tu. Kwa mipigo 70 kwa dakika, mililita 70 zinabaki katikati. Katikati ndiyo mapafuni. Baada ya dakika 10 zimelundikana mililita 700, na damu iliyoko mapafuni kwa kawaida haizidi nusu lita hivi. Mtu angezama kwa damu yake mwenyewe kabla chai haijapoa.

Kinachotuokoa ni tabia ya msuli wa moyo: ukivutwa zaidi na damu iliyojaa chumbani, hujibana kwa nguvu zaidi mpigo unaofuata. Ventrikali ya kushoto ikiletewa ziada, inatanuka kidogo na kuitoa ziada hiyo. Hakuna anayehesabu, hakuna amri kutoka ubongoni. Hata moyo uliopandikizwa, ambao neva zake zilikatwa, hufanya hivyo.

Mgonjwa aliyekuwa kitandani jana alikuwa mfano wa kinachotokea uwezo huo ukipungua. Alisema kwa wiki mbili amelala ameegemea mito mitatu. Akilala chali anaamka usiku akihema, anakwenda kukaa kando ya dirisha. Skrini ilieleza kwa nini. Ventrikali ya kushoto ilikuwa pana na inatikisika tu badala ya kubana. Ya kulia ilikuwa nzima, ikiendelea kuleta damu kama kawaida. Alipolala chali, damu iliyokuwa imetuama miguuni ilirudi kulia kwa wingi, kulia ikaipeleka mapafuni, na kushoto ikashindwa kuipokea. Presha kwenye vena za mapafu ikapanda, maji ya damu yakavuja kuingia penye hewa.

Hapa hata watu wa fani hujikwaa. Mgonjwa huyo hakuwa akibakiza mililita moja kila mpigo kwa wiki mbili, asingekuwa hai. Tofauti ilidumu muda mfupi, mapafu yakajaa, presha ikapanda mpaka ventrikali dhaifu ikasukumwa kutoa kiasi kilekile inacholetewa. Pande mbili zililingana tena, ila kwa gharama ya mapafu yaliyolowa. Dawa ya kukojoza maji inampa nafuu kwa kuwa inapunguza kinacholetwa kulia. Ventrikali ya kushoto haijapona.

Kuna doa moja kwenye maelezo yangu. Nimesema kiasi ni kilekile, na kijana akaondoka ameandika hivyo. Kwa kweli kushoto hutoa kidogo zaidi, kama asilimia moja au mbili: sehemu ya damu inayolisha njia za hewa hutoka kwa aorta na kurudi moja kwa moja upande wa kushoto, bila kupita kulia kamwe. Hiyo ni sababu mojawapo ya damu inayotoka kwa aorta kuwa na oksijeni kidogo pungufu ya ile iliyotoka penye hewa. Leo akija nitamwambia aongeze mshale huo kwenye mchoro wake, na afute namba.